Kuweka upya ratiba ya msingi baada ya mkwamo mkubwa: lini inafaa, na historia ipi isifutwe

Ratiba ya msingi ni ile iliyokubaliwa na pande zote kabla kazi haijaanza, na kila mwezi kazi halisi hupimwa dhidi yake. Ukitokea mkwamo mkubwa, kama mafuriko, moto, kufungwa kwa mpaka wa nchi au muuzaji mkuu kufilisika, hufika siku ambapo kipimo hicho hakimwambii mtu chochote. Kila mstari ni mwekundu, kila kazi imechelewa wiki nyingi, na msimamizi hawezi tena kujua ni kazi gani inazembewa leo na ipi imeburutwa tu na yaliyotokea zamani. Hapo watu husema: tuweke upya ratiba ya msingi.

Mara nyingine wako sahihi. Mara nyingine wanachotaka ni kuufuta wekundu. Mwongozo huu unahusu kutofautisha hali hizo mbili, na kufanya kazi yenyewe bila kupoteza ushahidi. Nitatumia mradi mmoja wa mfano mwanzo hadi mwisho, nao nitauhesabu kwa wiki badala ya tarehe ili hesabu ifuatike kirahisi.

Mradi wa mfano

Mkandarasi anajenga mtambo wa kusafisha maji. Mkataba unamtaka amalize mwisho wa wiki ya 78. Njia muhimu, yaani mnyororo wa kazi ambao ukichelewa wiki moja mradi wote nao unachelewa wiki moja, inapita kwenye nyumba ya pampu. Zege na kuta zinamalizika wiki ya 54, kufunga pampu kunachukua wiki 8, kazi za umeme wiki 6, kisha majaribio ya mtambo wiki 10. Jumla inatoka 78.

Sasisho la mwisho wa wiki ya 33 lilionyesha kwamba kuta zingemalizika wiki ya 57, kwa sababu mkandarasi alichelewa kuleta nondo. Mradi ulikuwa unaelekea kuisha wiki ya 81. Mwanzoni mwa wiki ya 34 mto ukafurika. Eneo lilikaa chini ya maji, barabara ikakatika, na paneli za umeme zilizokuwa ghalani zikaharibika. Kazi zilianza tena mwanzoni mwa wiki ya 43.

Kumbuka zile wiki 3 za nondo. Zitatusumbua hadi mwisho.

Hatua ya 1: Gandisha picha ya kabla ya tukio

Kabla ya kugusa chochote, chukua sasisho la mwisho lililofungwa kabla ya tukio, hapa ni la wiki ya 33, ulihifadhi kama faili lisiloguswa tena. Liandike jina linaloeleweka na mtu asiyekuwepo: jina la mradi, tarehe ya kufunga taarifa, na maneno "kabla ya mafuriko". Kama sasisho hilo halikuwahi kuwasilishwa rasmi, liwasilishe sasa likiwa na tarehe zake za kweli na maelezo kwamba limechelewa kutumwa. Usilirekebishe ili lionekane zuri. Ratiba iliyopambwa baada ya tukio hujulikana upesi sana: tarehe halisi ndani yake hazilingani na shajara za kila siku za eneo la kazi.

Kisha tengeneza sasisho la pili, la siku kazi zilipoanza tena, yaani mwisho wa wiki ya 42. Humo ingiza yaliyotokea tu, bila mpango mpya wowote: kazi zipi zilisimama lini, zipi ziliendelea nje ya eneo (karakana ya mabomba, kwa mfano, haikufurika), na nini kiliharibika.

Wengi huiruka hatua hii kwa sababu wana haraka ya kupanga yajayo. Matokeo yake tukio na mpango mpya hukaa ndani ya faili moja, na baada ya mwaka hakuna anayeweza kueleza kipi kilisababishwa na maji na kipi ni uamuzi wa mpangaji.

Hatua ya 2: Tenganisha ucheleweshaji kabla haujachanganyika

Sasa endesha hesabu ya ratiba mara tatu na uandike tarehe ya kumaliza kila mara.

Ratiba ya awali inasema wiki ya 78. Sasisho la kabla ya mafuriko linasema 81. Kwa sasisho la baada ya mafuriko, hesabu ni hii: mwisho wa wiki ya 33 kazi za zege zilizobaki zilikuwa za wiki 24. Zikianza tena wiki ya 43, zitamalizika wiki ya 66. Ukaguzi ukaonyesha sehemu ya msingi wa ukuta mmoja imemomonyoka na itarudiwa kwa wiki 2, basi kuta zinaisha wiki ya 68. Pampu zinachukua wiki ya 69 hadi 76, umeme 77 hadi 82, majaribio 83 hadi 92.

Kwa hiyo mradi umechelewa wiki 14, na katika hizo 11 zimetokana na mafuriko (9 za kusimama, 2 za kurudia ukuta) na 3 zilikuwepo kabla. Hesabu hii ya vipindi, inayolinganisha utabiri wa kabla ya tukio na wa baada yake, si njia pekee ya kupima ucheleweshaji, na mkataba wako unaweza kutaka nyingine. Ila ukiwa na faili mbili za hatua ya kwanza, karibu njia yoyote itawezekana. Bila faili hizo hutaweza hata moja.

Paneli za umeme nazo zinastahili kutazamwa. Katika mikutano ndizo zitakazozungumzwa zaidi, kwa sababu ni ghali na picha zake zinatisha. Zikiagizwa upya mwanzoni mwa wiki ya 44 na kutengenezwa kwa wiki 30, zitafika mwisho wa wiki ya 73. Zinahitajika mwanzoni mwa wiki ya 77. Zina akiba ya wiki 3, kwa hiyo si zinazoongoza mradi, ingawa ziko karibu sana na njia muhimu kuliko zilivyokuwa. Usiruhusu hasara kubwa ya fedha ichukuliwe kuwa ndiyo sababu ya kuchelewa. Ni mambo mawili tofauti.

Jambo moja halisubiri ratiba mpya: taarifa ya madai. Masharti ya mikataba ya ujenzi ya FIDIC, shirikisho la kimataifa la wahandisi washauri, toleo la 1999 na la 2017 vilevile, yanampa mkandarasi siku 28 za kutoa taarifa tangu alipojua, au alipopaswa kujua, juu ya tukio linalomchelewesha. Mkwamo wa wiki 9 ni siku 63. Anayengoja kazi zirudi ndipo apange ratiba, kisha aandike barua, atakuwa amechelewa. Barua ya taarifa ni fupi na haihitaji hesabu kamili, kwa hiyo itume maji yakiwa bado yamejaa.

Hatua ya 3: Amua kama kweli inahitajika

Mimi huuliza maswali matatu, na nataka yote yajibiwe ndiyo.

La kwanza: je, ratiba ya msingi imeacha kupima? Si kwamba inaonyesha kuchelewa, maana hiyo ndiyo kazi yake. Swali ni kama tofauti inayoonyesha imekuwa ileile kwa kazi zote kiasi kwamba haitofautishi tena aliyezembea na asiyezembea, au kama mpangilio wa kazi umebadilika na ratiba ya zamani inafuata mnyororo ambao haupo tena. Katika mfano wetu kuna kazi mpya (kurudia ukuta, kuagiza paneli) zisizo na mstari wowote katika ratiba ya awali, na kila kazi iliyobaki iko nyuma kwa wiki 14. Jibu ni ndiyo.

La pili: je, tukio limekwisha, au angalau mwisho wake unajulikana? Kuweka upya msingi maji yakiwa bado yamejaa ni kujenga juu ya tope. Utalazimika kurudia baada ya mwezi, na ratiba ya msingi inayobadilishwa kila mwezi si ya msingi tena. Wakati wa mkwamo wenyewe, tumia mpango mfupi wa wiki chache wa kuendeshea kazi, na uiache ratiba ya msingi ilivyo, hata kama ripoti zinatia aibu.

La tatu: je, aliye na mamlaka amekubali kitu kipya? Kitu hicho kinaweza kuwa nyongeza ya muda, mabadiliko ya kazi, au bajeti mpya. Kama tarehe ya mkataba bado ni wiki ya 78 na hakuna aliyeisogeza, mkandarasi anaweza kuwa na ratiba yake ya kufanyia kazi inayoisha wiki ya 92, lakini ratiba hiyo si msingi mpya wa mkataba. Ni utabiri.

Sababu ambazo hazitoshi ni nyingi, na nyingi hutolewa kwa uso mkavu kabisa. Utendaji mbaya wa kawaida hautoshi. Meneja mpya asiyetaka kubeba wekundu wa mwenzake haitoshi. Kipimo cha maendeleo kushuka hakitoshi pia, na hapo inafaa kuona kwa nini. Kipimo kinachotumiwa sana ni hiki:

```
SPI = EV / PV
```

EV ni thamani ya kazi iliyofanyika, PV ni thamani ya kazi iliyopaswa kuwa imefanyika kufikia siku hiyo. Mwisho wa wiki ya 42, mradi wetu ulipaswa kuwa asilimia 54, na uko asilimia 38. SPI ni 0.70. Ukiweka msingi mpya siku hiyo kwa kunakili hali ilivyo, PV inakuwa 38 vilevile, na SPI inaruka hadi 1.00 bila mtu kubeba hata ndoo ya zege. Hilo peke yake si udanganyifu, ndivyo hesabu inavyofanya kazi. Udanganyifu ni kuonyesha hiyo 1.00 bila kuitaja 0.70.

Ni vyema vizingiti viandikwe kabla ya shida. Mfano ulio wazi ni sheria inayoihusu NASA: mradi mkubwa ukizidi gharama yake ya maendeleo kwa asilimia 15, au ukichelewa miezi 6, Bunge la Marekani lazima liarifiwe. Gharama ikizidi kwa asilimia 30, lazima Bunge liidhinishe upya ndipo mradi uendelee, na hapo msingi mpya huwekwa. Darubini ya anga ya James Webb ilipita huko. Mwaka 2011 ilipangwa upya kurushwa Oktoba 2018. Mwaka 2018 ikapangwa tena hadi Machi 2021, safari hiyo ikiwa imevuka kikomo cha gharama cha dola bilioni 8 kilichowekwa na Bunge, na mwaka 2020 ikasogezwa hadi Oktoba 2021. Ilirushwa tarehe 25 Desemba 2021. Kinachonipendeza katika kisa hicho ni kwamba kila tarehe ya zamani ingali inajulikana na yeyote anaweza kuihesabu.

Hatua ya 4: Panga upya kazi zilizobaki tu

Hapa ndipo kazi halisi ya mpangaji ilipo, na ndipo historia hufutwa kwa bahati mbaya.

Kanuni ya kwanza ni kwamba kazi iliyokamilika haiguswi. Tarehe zake halisi na tarehe zake za msingi za awali zibaki kama zilivyo. Zile wiki 3 za nondo zinaishi humo: kazi ya nondo ilipangwa imalizike wiki fulani, ikamalizika wiki 3 baadaye. Ukinakili mradi mzima kuwa msingi mpya, tarehe ya msingi ya kazi hiyo inageuka kuwa sawa na tarehe yake halisi, na tofauti inakuwa sifuri. Kwenye skrini itaonekana kana kwamba nondo zilifika kwa wakati.

Kanuni ya pili ni kwamba kazi iliyoharibika haifunguliwi tena. Ukuta uliomalizika ukamomonyoka ulikamilika, na hiyo ni kweli ya historia. Kuurudia ni kazi mpya yenye namba yake mpya. Kama ya awali ni `NP-2140`, ya kurudia inaweza kuwa `NP-2140R`, ikiwa na gharama yake, muda wake na sababu yake. Ukiifungua ya zamani na kuishusha kutoka asilimia 100 hadi 60, umepoteza tarehe ya kumaliza ya mwanzo na umeficha gharama ya kurudia ndani ya bajeti ya awali.

Tatu, tarehe zitoke kwenye mantiki, yaani kazi gani inafuata gani na kwa muda gani. Zisibandikwe kwa mkono. Ratiba mpya inayopangwa chini ya shinikizo hujaa tarehe zilizofungwa kwa nguvu ili jibu litoke lile bosi alilolitaka. Njia rahisi ya kulijua hilo ni kuiongezea kazi moja ya njia muhimu wiki 4 kwa majaribio. Kama tarehe ya kumaliza haisogei, kuna kitu kimefungwa mahali.

Nne, kalenda. Kazi zilizopangwa kufanyika kiangazi sasa zimesogea wiki 14 na huenda zimeangukia mvua au baridi. Muda uliotosha kumwaga zege wakati wa ukavu hautoshi wakati wa matope. Hili husahaulika kwa sababu programu husogeza pau za kazi bila kulalamika.

Turudi kwenye mfano. Mwajiri, baada ya kupitia madai, ametoa nyongeza ya wiki 11. Tarehe mpya ya mkataba ni wiki ya 89, ilhali utabiri unasema 92. Pengo la wiki 3 ni nondo, na mkandarasi analijua. Anaweza kuonyesha msingi mpya unaoisha wiki ya 92 na kukubali kwamba wiki 3 za mwisho ziko juu yake pamoja na fidia ya ucheleweshaji, au atafute namna ya kuzirudisha.

Akaamua kuzirudisha. Badala ya kungoja pampu zote zifungwe, kazi za umeme zitaanza wiki ya 74 kwenye pampu zilizokwisha kufungwa. Umeme unaisha wiki ya 79, majaribio wiki ya 80 hadi 89. Hesabu imekubali, lakini tazama kilichotokea kwa paneli. Zinafika mwisho wa wiki ya 73 na sasa zinahitajika mwanzoni mwa wiki ya 74. Akiba yao ya wiki 3 imeliwa yote, na njia muhimu imehamia kwa muuzaji wa paneli. Hili liandikwe waziwazi kwenye maelezo ya ratiba. Paneli zikichelewa wiki 2, mkandarasi asije kusema zimecheleweshwa na mafuriko, maana akiba iliyokuwepo aliitumia mwenyewe kulipia nondo. Na mwajiri naye asije kusema hakuambiwa.

Hatua ya 5: Hifadhi ndani ya programu bila kuandika juu ya ya zamani

Kwenye Microsoft Project kuna nafasi 11 za msingi: `Baseline`, na `Baseline 1` hadi `Baseline 10`. Safu za tofauti za kawaida husoma ile isiyo na namba. Kwa hiyo hamisha ya zamani kwanza, ndipo uandike mpya:

```
Project > Set Baseline > Set Baseline...
1) Set interim plan
   Copy: Baseline
   Into: Baseline 1
   For:  Entire project
2) Set baseline: Baseline
   For:  Selected tasks
```

Katika hatua ya pili chagua kazi zilizobaki na zile mpya tu, ukiwa umezichuja kwanza, na uweke alama kwenye `To all summary tasks` ili jumla za juu zifuate. Ukiacha `Entire project` hapo, ndipo tarehe za msingi za kazi zilizokwisha zinapofutika. Baadaye hakiki kwa kuchukua kazi tatu zilizokamilika, ile ya nondo ikiwemo, na kutazama kama `Baseline Finish` yake bado ni ya awali.

Kwenye Primavera P6 msingi ni nakala kamili ya mradi, inayowekwa kupitia `Maintain Baselines` na kuteuliwa kupitia `Assign Baselines`. Ongeza nakala mpya, usiibadilishe ya zamani, na kila moja ipewe jina lenye tarehe ya kufunga taarifa. Kwa kuwa nakala hiyo huchukua mradi wote, tofauti za kazi zilizokamilika zitakuwa sifuri dhidi ya msingi mpya, hivyo acha ripoti ya pembeni inayosoma ule wa awali.

Hatua ya 6: Historia ya kubaki nayo

Hakuna haja ya kuhifadhi kila rasimu. Folda yenye matoleo 60 yasiyojulikana lipi lilitumwa ni mbaya karibu sawa na folda tupu. Ninachotaka kukikuta ni faili nne za ratiba katika muundo wake halisi unaoweza kufunguliwa na kuhesabiwa tena, si picha za PDF peke yake: ya awali iliyokubaliwa, sasisho la mwisho kabla ya tukio, sasisho la baada ya tukio lisilo na mpango mpya, na msingi mpya uliokubaliwa. Kama rasimu iliwasilishwa ikakataliwa, nayo ibaki pamoja na barua ya kuikataa, kwa sababu sababu za kukataa huja kuulizwa.

Pamoja nazo iwepo orodha ya mabadiliko kati ya faili ya tatu na ya nne, mstari kwa mstari: kazi gani imeongezwa, imeondolewa, muda gani umebadilika kutoka kiasi gani hadi kiasi gani, na kwa nini. Katika mfano wetu, mstari wa umeme kuanza kabla ya pampu kwisha ndio muhimu kuliko yote, kwa kuwa ndio uliorudisha wiki 3. Orodha hiyo ikiandikwa siku ileile huchukua saa chache. Ikiandikwa baada ya mwaka ni kubahatisha.

Halafu kuna ushahidi wa chini: shajara za kila siku, picha zenye tarehe, orodha za watu na mitambo iliyokaa bure, barua za kufungwa barabara, barua ya muuzaji wa paneli inayotaja wiki 30. Ratiba ni dai tu. Hivi ndivyo vinavyoisimamisha. Vihifadhiwe hadi muda wa madai na wa kasoro kwa mujibu wa mkataba upite, na si hadi siku ya kukabidhi mtambo.

Hatua ya 7: Idhini inayosema kile inachosema

Andika waraka wa ukurasa mmoja au miwili utiwe saini na mwenye mamlaka. Useme tukio lililosababisha, tarehe ya kufunga taarifa, tarehe tatu za kumaliza (78, 81 na 92), nyongeza iliyotolewa, tarehe mpya ya mkataba, na akiba zilizotumika. Useme pia kile ambacho saini haimaanishi. Kukubali ratiba mpya si kukubali madai ya fedha, na si kusamehe wiki 3 za nondo. Kinyume chake nacho kiandikwe: mkandarasi kuwasilisha ratiba yenye wiki ya 89 hajaacha haki yake juu ya madai ambayo bado hayajajibiwa. Sentensi mbili tu, lakini zikikosekana, kila upande huja kuisoma saini ile kwa faida yake.

Kama mwajiri bado hajatoa nyongeza na kazi haiwezi kungoja, kubalianeni na ratiba ya muda ya kuendeshea kazi, iitwe hivyo kwenye kichwa chake, na msingi wa awali ubaki ndio wa mkataba.

Hatua ya 8: Ripoti baada ya kubadilisha

Ripoti ya kila mwezi iwe na safu mbili za tofauti: dhidi ya msingi mpya, na dhidi ya ule wa awali. Ya kwanza ni ya kuendeshea kazi. Ya pili ni ya mwenye fedha, anayetaka kujua mradi alioahidiwa wiki ya 78 unaisha lini. Kwenye mchoro wa maendeleo, weka mstari wa wima mwisho wa wiki ya 42 na uandike kando yake SPI ya kabla, 0.70, ili anayeona 1.00 ajue imetoka wapi.

Masasisho matatu ya kwanza ndiyo yatakayosema kama msingi mpya ni wa kweli. Kama katika mwezi wa kwanza tu kazi za zege zinateleza kwa kasi ileile ya kabla ya mafuriko, tatizo halikuwa maji. Linganisha mita za ujazo za zege zinazomwagwa kwa wiki sasa na zile za wiki ya 20 hadi 33. Kama ratiba mpya inahitaji kasi ambayo eneo hilo halijawahi kuifikia hata kabla ya mkwamo, wiki ya 89 ilikuwa matumaini tangu ilipochapwa. Hapo usiweke msingi mwingine. Ripoti ucheleweshaji dhidi ya huu uliopo, uonyeshe ni kazi gani na ni kikosi gani, na tarehe ya kumaliza isogee kwenye safu ya utabiri peke yake.